Moyo ukidunda kabla ya kusimama, usihangaike kuutuliza

Tuchukue mtu mmoja tumfuate mpaka mwisho. Ni katibu wa kikundi cha akina mama wachuuzi wa samaki wa Matondoni, na leo amekuja kwa boti hadi Amu, mji wa Lamu, kwenye kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Amepewa dakika tano aombe mtambo wa barafu kwa ajili ya diko lao. Jina lake ni la tatu kwenye orodha, na wa pili ameshashika maiki. Viganja vimelowa, mate yamekauka, moyo unagonga hadi anausikia masikioni, na maneno aliyoyazoea tangu Ijumaa hayaonekani yalikokwenda. Mwenziwe aliyeketi kando anamshika mkono, anamwambia lile ambalo kila mtu huambiwa saa kama hiyo: "Tulia, shoga. Tuliza moyo."

Ushauri huo unatoka kwenye mapenzi. Tatizo lake ni kwamba hautekelezeki, na anayejaribu kuutekeleza mara nyingi hutoka hali mbaya zaidi kuliko alivyoingia. Ili tuone kwa nini, lazima kwanza tuangalie kinachotendeka mwilini.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Ubongo ukihisi kwamba kuna jambo zito mbele, haungoji kuchambua kama ni nyoka au ni maiki. Unapeleka amri kupitia mishipa ya fahamu, na tezi zile zinamwaga adrenalini ndani ya damu. Moyo uliokuwa ukipiga mara 75 kwa dakika unapanda hadi 110 au zaidi, maana misuli inaandaliwa kwa kazi. Damu inapunguzwa tumboni ikapelekwa kwenye mikono na miguu, ndiyo maana tumbo linavurugika. Mate mepesi yanakatwa, yanabaki yale mazito yanayonata, na ulimi unakuwa kama umepakwa unga. Misuli inakazwa kabla haijapewa la kufanya, na misuli iliyokazwa bila kazi hutetemeka. Misuli midogo ya koo nayo imo humo humo, kwa hivyo sauti inapanda na kukwaruza. Jasho linatoka ili mwili usichemke.

Sasa mchukue mama huyo huyo umpeleke ukingoni mwa bahari siku ya mbio za punda, wakati wa tamasha la utamaduni, na punda wa mwanawe yuko mbele kwa pua tu. Mpime mapigo ya moyo. Mshike kiganja. Utakuta moyo ule ule, jasho lile lile, mdomo ule ule mkavu. Mwili hauna ngoma mbili, moja ya hofu na nyingine ya furaha. Una moja, na wenye ngoma ndio wanaoiita jina. Siku ya mbio anaiita raha. Kwenye kikao anaiita woga.

Basi ukimwambia atulie, unamwagiza afanye mambo mawili kwa pamoja: ashushe mwili uliokwisha kupanda, na ageuze fikra kutoka "nitaaibika" hadi "hakuna neno". La kwanza haliko mikononi mwake. Adrenalini iliyo ndani ya damu hupungua nusu kwa dakika mbili tatu hivi, lakini maadamu bado anangoja kuitwa, tezi zinaendelea kumwaga nyingine. Akijikagua kila nukta, "je, nimetulia?", jibu linarudi "bado", na hilo "bado" linakuwa hofu mpya juu ya ile ya awali. Sasa anaogopa hotuba na anaogopa pia kule kuogopa kwake.

Kumwambia ausome upya mdundo ule ni kumtaka jambo moja tu. Mwili auache juu ulipo. Abadilishe jina.

Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio kadhaa ambamo watu walitiwa kwenye hali za kutia jakamoyo: kuimba mbele ya watu kwa mashine inayopima usahihi wa sauti, kutoa hotuba fupi mbele ya kamera, kufanya hesabu kwa muda mfupi. Kwenye kuimba, kabla ya kuanza, wengine waliagizwa waseme kwa sauti kwamba wana wasiwasi, wengine waseme wamesisimka, wengine hawakusema lolote. Waliosema wamesisimka walipata usahihi wa takribani asilimia 80. Wasiosema kitu walipata 69. Waliosema wana wasiwasi walipata 53. Kwenye hotuba, waliojiambia "nimesisimka" walionekana na waliowasikiliza kuwa wanashawishi zaidi na wanajiamini zaidi kuliko waliojiambia "nimetulia".

Kilicho muhimu kuliko tarakimu hizo ni hiki: mioyo ya waliosema wamesisimka haikupunguza mwendo. Ilibaki ikidunda vile vile. Kwa hivyo anayetumia njia hii kisha akalalamika kwamba moyo bado unakwenda mbio, hajashindwa. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Na hapa Kiswahili kina bahati. Lugha nyingine hulazimika kutenga neno la hofu na neno la shauku, halafu msemaji aruke kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sisi tunasema mwili "umesisimka" tukipita makaburini usiku, na tunasema umesisimka tukisikia kasida ikishika kasi siku za maulidi. Kiherehere cha moyo ni cha mwenye hofu na ni cha bibi harusi pia. Kimuhemuhe humshika anayengoja matokeo ya mtihani na anayengoja mgeni kutoka safari. Waliotangulia waliona kwamba ni jambo moja wakalipa jina moja. Kwa hivyo mama wa Matondoni hahitaji kujidanganya. Akisema "nimesisimka" amesema ukweli mtupu, na ukweli huo haumfungi upande wa woga.

Maneno yachaguliwe vizuri, maana si kila neno zuri hufanya kazi. "Siogopi" halifai, kwa sababu limeibeba hofu ndani yake na akili hulishika hilo hilo. "Nina furaha" mara nyingi ni uongo, na mwili unajua. "Mungu atanisaidia" ni dua na iombwe, lakini ni kazi nyingine, haiachi mdundo umepata jina. Linalofaa ni fupi, la kweli, na linaloelekea kwenye kitendo: "Nimesisimka, nina hamu wasikie habari ya barafu." Nusu ya kwanza inaupa mwili jina. Nusu ya pili inaitoa akili kwenye "watanionaje" na kuipeleka kwenye "nataka wajue nini". Liseme kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona ndani ya mtandio. Waliofanya jaribio walisema, hawakuwaza tu.

Mipaka yake pia ijulikane. Neno hili halimpi mtu hoja asiyokuwa nayo. Asiyejizoeza akisisimka, atasema upuuzi kwa nguvu zaidi. Na yuko mtu ambaye hofu yake ni ya ngazi nyingine: anaacha kazi ili asisimame mbele ya watu, au anatapika siku tatu kabla. Huyo ana ugonjwa unaotibika kwa mshauri wa saikolojia, kwa kumzoesha hatua kwa hatua, na tusimpe neno la kunong'ona tukadhani tumemaliza.

Mlima una kilele chake

Wapimaji wa mapigo ya moyo ya wahutubu, wakiwemo Ralph Behnke na Chris Sawyer walioandika mengi juu ya jambo hili, wameona umbo linalojirudia. Hofu hupanda wakati wa kungoja, hufika kileleni mtu anapoanza kusema, kisha hushuka anavyoendelea. Kilele kimo ndani ya dakika ya kwanza. Wengi hawalijui hilo. Wakiona moyo umepiga kwa nguvu kwenye sentensi ya pili, wanadhani utazidi hivyo hadi mwisho, wakakimbia au wakafupisha. Kumbe wameshapita juu.

Mama yetu akilijua hili, maandalizi yake yanabadilika. Hana haja ya kukariri dakika tano. Anakariri sekunde 40 za mwanzo, neno kwa neno, mpaka aweze kuzisema huku anaparua samaki. Zilizobaki anazishika kwa hoja tatu tu.

Hesabu yake iko hivi. Kwa mwendo wa kueleweka ukumbini, Kiswahili hutoka maneno 100 hivi kwa dakika. Maneno yetu ni marefu. Dakika tano zingekuwa maneno 500, lakini asiandike zaidi ya 350. Kwanza kuna salamu na kuwatambua wenyeji, na hapa kwetu mtu haruki hilo, hata akiwa na haraka vipi. Pili, mwenyekiti hupenda kukata wakati watu waliotangulia wakizidisha, na dakika tano zinaweza kuwa tatu mtu yuko njiani kuelekea kwenye maiki. Hoja tatu basi ziwe zimepangwa hivi kwamba ya kwanza peke yake inatosha: samaki wanaharibika kabla ya boti ya kuwapeleka sokoni, na hii hapa hasara yetu ya wiki iliyopita kwa shilingi. Ya pili, mtambo wa ukubwa gani, utakaa wapi, umeme utatoka wapi. Ya tatu, nani atausimamia. Akikatwa baada ya ya kwanza, ombi lake limesikika.

Salamu yenyewe ni chombo, na inasikitisha kuona watu wakiipita mbio. Akisema "Asalaam aleikum" kisha akanyamaza, ukumbi mzima unamjibu. Jibu hilo huchukua sekunde mbili tatu, na ni sekunde ambazo hana kazi yoyote isipokuwa kutoa pumzi. Pumzi ndefu ya kwanza iwe hapo, watu wanapojibu, wakati hakuna anayemtazama mdomo. Anayesema salamu na hoja kwa pumzi moja huishiwa hewa kwenye sentensi ya tatu, na hapo ndipo sauti hukatika.

Siku tatu za kuzoesha mwili

Kujizoeza kimya kwa kusoma karatasi kitandani hakusaidii sana. Akili imeyajua maneno, lakini mdomo haujayatamka, na mwili haujawahi kuyasema ukiwa umechemka. Siku ya kwanza ayaseme kwa sauti, amesimama, mara tatu, na simu ipime muda. Siku ya pili ayaseme mbele ya watu watatu, jamaa au wenzake wa kikundi, wasiosaidia wala kucheka. Kioo kisitumike, maana kinamfanya ajitazame, na kujitazama ndilo hasa tatizo.

Siku ya tatu afanye zoezi ambalo wengi hulipuuza. Apande ngazi za darini mara tatu kwa haraka, au atembee mbio mbio kutoka diko hadi nyumbani, hadi moyo uende mbio na pumzi ipae. Papo hapo, bila kupumzika, aanze: "Asalaam aleikum." Sauti itakwaruza. Atakosa hewa. Maneno mawili yatamponyoka. Na ataona kwamba licha ya hayo, hotuba inatoka. Mwili unajifunza kwamba moyo wa mapigo 120 na sentensi iliyonyooka vinaweza kukaa pamoja. Siku ya kikao mdundo ukija, si mgeni tena.

Zoezi hili lina faida nyingine kwa mtu wa mwambao. Joto la Lamu mwezi wa pili linamtoa jasho hata aliyeketi kivulini. Ukifika ukumbini umetembea kutoka gatini, umepanda ngazi, umevaa buibui, na feni ziko mbili kwa watu mia, mwili utakuwa na kila dalili ya hofu kabla hofu haijafika. Akili ikiona jasho hutafuta sababu, na iliyo karibu kuliko zote ni hotuba. Afike nusu saa mapema, aketi karibu na dirisha, ajipepee, jasho likauke. Litakalobaki baada ya hapo ndilo la hotuba, na huwa ni kidogo kuliko alivyodhani.

Kuhusu kupumua, liko kosa moja linalofanywa na karibu kila aliyeambiwa "vuta pumzi". Anavuta hewa nyingi, haraka, kifua kinapanda hadi mabegani, mara kumi mfululizo. Baada ya dakika anahisi midomo inamcheza, vidole vinakufa ganzi, kichwa chepesi. Anadhani anazimia kwa hofu. Hapana: amepuliza nje kaboni dioksaidi nyingi kupita kiasi, na damu ikikosa kiasi chake cha gesi hiyo, mishipa inayokwenda kwenye ubongo hujibana. Alichokuwa akikikosa ni kutoa pumzi polepole, si kuvuta nyingi.

Kipimo kinachofaa ni kuvuta kwa puani kwa hesabu ya nne, tumbo likijaa badala ya mabega kupanda, kisha kutoa kwa hesabu ya sita, polepole, midomo imefinywa kama anayepoza chai. Hiyo ni sekunde kumi, pumzi sita kwa dakika. Moyo hupunguza mwendo kidogo kila mtu anapotoa pumzi, ndiyo maana sehemu ya kutoa imepewa muda zaidi. Dakika tano usiku kabla ya kulala, na dakika tano nyingine akiwa amekaa karibu na lile dirisha. Basi. Akiitwa aliye mbele yake, aache kuhesabu pumzi.

Msomaji mkali atauliza: si tulisema mtu asijitulize? Ndiyo, na pumzi haikuwekwa hapa ili imfikishe kwenye utulivu. Inapunguza ziada, ili mapigo 130 yawe 110. Kutoka 110 kwenda mbele kazi ni ya lile neno. Wanaochanganya hushindwa: wanaendelea kupumua kwa hesabu hadi mlangoni mwa maiki, wakitarajia moyo wa mtu aliyelala, na wasipoupata wanavunjika moyo saa mbaya kuliko zote.

Kahawa sasa. Muuza kahawa amepita na dele lake na vikombe vinagongana, na kikombe cha kahawa chungu ya tangawizi ni kidogo tu, lakini wengi huongeza cha pili na cha tatu. Kafeini inapandisha mapigo na kuongeza mtetemeko wa vidole, na nusu yake hubaki mwilini kwa saa tano hivi. Aliyezoea kikombe kimoja asubuhi anywe kimoja, maana akikikosa atapata maumivu ya kichwa. Asiyezoea asianze leo. Miraa ni mbaya zaidi kwa kazi hii: inaharakisha moyo, inakausha mdomo, na humfanya mtu ajione anasema vizuri huku anarukaruka kutoka hoja moja hadi nyingine.

Wapo pia wanaopeana vidonge vya propranolol, vile vya presha, vinavyozuia moyo kudunda na mikono kutetemeka. Ni kweli vinafanya hivyo. Lakini kwa mwenye pumu vinaweza kubana mapafu hadi hatari ya maisha, na vinaweza kumwangusha mwenye presha ya chini. Hiki ni kidonge cha kuandikiwa na daktari, hakitolewi mkobani kwa shoga.

Mdomo mkavu una tiba isiyo na gharama: awaze embe bichi lililokatwa na kunyunyizwa chumvi na pilipili, au aung'ate ubavu wa ulimi polepole kwa meno. Mate yanakuja. Apige funda dogo la maji dakika kumi kabla, si chupa nzima, maana kibofu nacho huharakishwa na hofu. Kikao kikiangukia Ramadhani na zamu yake ikawa alasiri, funda halipo; hapo aandike sentensi fupi zaidi, na aombe aitwe mapema ikiwezekana.

Mikono, maiki, na watu wanachokiona

Karatasi nyepesi ya ukurasa mzima ni adui. Vidole vikitetemeka milimita moja, ncha ya juu ya karatasi inapepea wazi wazi, na mwenye nayo akiiona inapepea anatetemeka zaidi. Aandike hoja zake tatu kwa herufi kubwa kwenye kipande cha kadi ngumu kinachoenea kiganjani, au kwenye jalada la daftari. Maiki aishike kwa mikono miwili, viwiko vimegusa mbavu, na kichwa cha maiki kiwe umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni. Kiwiko kikining'inia hewani, maiki inacheza, sauti inapanda na kushuka, na watu hudhani ni yeye.

Miguu iachane kidogo, uzito uwe juu ya yote miwili, magoti yasifungwe. Goti lililofungwa hutetemeka. Nguvu iliyokazwa kwenye misuli inahitaji pa kutokea, kwa hivyo akiwa bado ameketi abane viganja kwa nguvu kwa hesabu ya tano kisha aviachie, mara tatu, chini ya mtandio. Akiwa amesimama aache mkono mmoja uonyeshe ukubwa wa mtambo, idadi ya boti. Mkono unaofanya kazi hautetemeki sana kama unaojificha.

Jambo jingine analofaa kulijua kabla hajasimama: watu hawaoni ndani. Watafiti Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba msemaji huamini hofu yake inaonekana waziwazi, na wasikilizaji huona kidogo sana kuliko anavyodhani. Waliendelea hatua moja zaidi: wasemaji walioelezwa ukweli huo kabla ya hotuba walisema vizuri zaidi, kwa kujipima wenyewe na kwa kupimwa na wengine. Moyo unaomvuma masikioni hausikiki hata kwa aliyeketi safu ya mbele. Kwa hivyo asianze kwa "mnisamehe, naogopa kidogo". Hawakuwa wamegundua, na sasa wanatafuta.

Haya, jina limeitwa. Ananong'ona, "Nimesisimka, nina hamu wasikie habari ya barafu." Anainuka polepole kuliko anavyotaka, maana adrenalini huharakisha kila kitu na yeye haoni. Anashika maiki, mikono miwili. Anatazama watu watatu: mmoja kushoto, mmoja kati, mmoja kulia, wenye nyuso za kusikiliza. "Asalaam aleikum." Ukumbi unajibu, naye anatoa pumzi. "Bwana mwenyekiti, wiki iliyopita tulitupa kilo 60 za samaki." Moyo uko kileleni. Sentensi mbili zaidi anazozijua kama jina lake, na mlima unaanza kushuka.

Kwenye hoja ya pili linamponyoka. Alikuwa akisema kuhusu umeme, kisha weupe mtupu. Hii hutokea kwa sababu akili iliyojaa tahadhari hukosa nafasi ya kushika maneno yajayo, na anayelitafuta neno lenyewe kwa nguvu hulikosa zaidi. Akianza "eee" na kutazama dari, sekunde nne zitakuwa dakika kwake. Njia ya kurudi ni kulirudia la mwisho lililotoka, polepole, kama anayesisitiza: "Umeme, bwana mwenyekiti." Kisha atazame kadi. Wasikilizaji wanasikia mkazo. Yeye anapata sekunde tatu na uzi wake. Kama kadi nayo haisaidii, aruke hoja aende ya tatu. Hakuna aliyekuwa na nakala ya hotuba yake.

Akimaliza ataketi, na mikono itatetemeka zaidi kuliko ilivyotetemeka amesimama. Asishangae. Kazi imekwisha lakini adrenalini bado imo, na kotisoli, homoni nyingine ya dharura, hufika kilele chake dakika 10 hadi 20 baada ya jambo kwisha na hukawia kutoka. Ndiyo maana hukumu anayojitolea akiwa kwenye boti ya kurudi huwa kali mno: anaikumbuka ile sekunde ya weupe, hakumbuki kwamba mwenyekiti aliandika zile kilo 60. Asijihukumu ndani ya saa hiyo. Ajibu swali moja tu kwenye daftari, angali analikumbuka: moyo ulianza kushuka nilipofika sentensi ya ngapi? Kikao kijacho atakariri mpaka hapo, na sentensi moja zaidi.